Jedwali la majukumu kutoka kumbukumbu za kikao

"Kumbukumbu ninazo, lakini nani anafanya na nani anaidhinisha sioni. Nianzie wapi?"

Anza na vitenzi, ndugu yangu, majina baadaye. Kila kitendo chenye matokeo kiwe mstari wake. Safu ziwe vyeo, kwa sababu watu huhama. Kwenye kila kisanduku andika nafasi ya cheo hicho katika kazi hiyo: mtendaji, muidhinishaji, mshauri, au anayejulishwa tu.

Tuseme kumbukumbu zinasema: "Ushuru wa kontena lililoko Kilindini ulipwe kufikia Alhamisi, mhasibu aangalie hesabu, dereva aambiwe." Mstari ni "Kulipa ushuru". Mhasibu ni mshauri, kwani anaulizwa kabla ya malipo na jibu lake linaweza kubadilisha kiasi. Dereva anajulishwa tu, malipo yakishafanyika. Lakini "ulipwe" na nani? Hapo usikisie. Acha kisanduku wazi, kipake rangi, umuulize mwenyekiti wa kikao: nani analipa, na nani anaidhinisha?

Watendaji wanaweza kuwa wawili, muidhinishaji awe mmoja tu. Waidhinishaji wakiwa wawili, kila mmoja humngoja mwenzake, na kontena likipitisha siku za bure bandarini linatozwa gharama za kuhifadhiwa. Ukiona mstari una waidhinishaji wawili, mara nyingi umebeba kazi mbili, mathalani kukubali kiasi na kutoa fedha. Ugawe.