Vitenzi katika Orodha: Majibu kwa Maswali Yenu

“Mwombaji anatakiwa kujaza fomu, aambatishe vyeti, picha mbili na kuwasilisha maombi mapema.” Naambiwa sentensi hii ina kosa, lakini silioni.

Makosa ni mawili. Chukua kila kipengele ukisome peke yake baada ya “anatakiwa”. “Anatakiwa picha mbili” haisemeki, kwa kuwa picha hazina kitenzi chao. Ziunganishe na vyeti kwa “na”. Kosa la pili linapita kipimo hicho bila kunaswa, maana “anatakiwa kujaza” ni sahihi na “anatakiwa aambatishe” pia ni sahihi. Kinachoharibu ni kuchanganya maumbo hayo mawili katika orodha moja, kwani msomaji aliyezoea “ku-” akikutana ghafla na “aambatishe” hudhani agizo jingine limeanza. Andika: “Mwombaji anatakiwa kujaza fomu, kuambatisha vyeti na picha mbili, na kuwasilisha maombi mapema.” Orodha ikiwa ndefu, mimi hupendelea “ajaze, aambatishe, awasilishe”, kwa sababu kila kitenzi hubeba mtenda wake hata kikikaa mbali na mwanzo wa sentensi.

“Majukumu ya katibu ni kuandika kumbukumbu, utunzaji wa nyaraka na anaitisha mikutano.” Naomba kusahihishiwa.

Swali hili limekwisha kujibiwa hapa mara nyingi, na wanaoliuliza wangelimaliza wenyewe kwa kuisoma sentensi yao kwa sauti: kuandika, kutunza, kuitisha. Msikimbilie “uandishi, utunzaji na uitishaji” kwa kudhani ndio urasmi; maumbo yanalingana, lakini sentensi inakuwa nzito bila faida.

Nimeandika “aliamka, akaoga na kula”, nikakosolewa kwamba vitenzi havifanani. Je, ni kweli?

Aliyekukosoa amekaza kanuni kupita kiasi. Kiswahili huruhusu kitenzi kinachofuata “na” kuvaa “ku-”, kikaazima mtenda na wakati kutoka kwa kitenzi kilichotangulia. Ukitaka hatua zionekane moja baada ya nyingine, “aliamka, akaoga, akala” ni bora zaidi. Usiloweza kufanya ni kuingia kwenye “ku-” kisha ukarudi nyuma, kama “aliamka, kuoga, akala”. Vilevile uazimaji huo hukoma mtenda anapobadilika: “Mama alipika na watoto kula” ni sentensi iliyovunjika, kwa sababu “kula” haiwezi kuazima mtenda kutoka “alipika”, ambayo ni ya mama. Sema “Mama alipika, watoto wakala.”

Ni “hakusoma na kuandika” au “hakusoma wala kuandika”?

Ni “wala”. Ukitumia “na”, msomaji hajui kama ukanushi umefika kwenye kuandika au umeishia kwenye kusoma.