Nililipinga jina la Asia mbele ya watu, na nilikosea

Ijumaa iliyopita, baada ya Isha, mdogo wangu alinipigia simu kutoka Tandahimba. Mkewe kajifungua salama, mtoto wa kike. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Kaka, safari hii ataitwa Asia. Nakuambia mapema." Nilimjibu vizuri, nikampa hongera, nikaenda kukaa barazani peke yangu nikalia. Asubuhi ya siku hiyohiyo dada mmoja wa Masasi alikuwa ameniandikia akiuliza habari ya jina hilohilo: mumewe analitaka kwa binti yao, jirani kamwambia ni jina la maasi, naye hajui ashike lipi. Dada yangu, jibu lako ninalo, na lilinigharimu.

Miaka minne iliyopita nilikuwa nimeanza kuhudhuria darsa baada ya Magharibi hapa Mikindani. Usiku mmoja mwalimu alisoma hadithi ya Ibn Umar iliyo katika Sahihi Muslim: Umar alikuwa na binti aliyeitwa Asiya, Mtume (s.a.w.) akambadilisha jina akamwita Jamila. Mwalimu akaeleza kwamba Asiya maana yake mwanamke anayeasi. Nikatoka msikitini kifua kimejaa. Sikio la Mswahili halihitaji hata kushawishiwa hapo, maana neno tunalo: kuasi, muasi, maasi. Nikajiona nimeokota elimu ambayo ukoo wetu mzima hauna.

Haikupita miezi mitatu mdogo wangu akapata mtoto wake wa kwanza, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Siku ya saba tukakusanyika kwake. Mtoto kanyolewa, mbuzi mmoja kachinjwa wa akika, wanawake wako uani na sufuria za pilau, wazee wako mkekani. Baba mtoto akatangaza kwamba binti yake anaitwa Asia, somo wa bibi yake. Bibi huyo ni mama yetu mzazi, tuliyemzika miaka miwili kabla.

Nikasimama. Hakuna aliyeniomba. Nikasema jina hilo Mtume alilikataa, maana yake ni muasi, na kama alivyofanya Mtume, mtoto aitwe Jamila. Watu wakanyamaza. Mama mdogo, aliyemfuata mama kwa kuzaliwa, akachungulia kutoka mlango wa uani akauliza, "Kwa hiyo dada yangu kaitwa muasi miaka yote ile?" Nami nikamjibu, "Mama mdogo, sisemi mimi, hadithi ndiyo inayosema." Maneno hayo nikiyakumbuka hata leo mwili unanisisimka. Mdogo wangu hakubishana, mimi ni mkubwa wake. Mtoto akaitwa Jamila, na kadi ya kliniki ikaandikwa Jamila.

Mwaka uliofuata nilikwenda Mtwara mjini kumjulia hali shehe mmoja mzee aliyenifundisha madrasa nikiwa mdogo. Katika mazungumzo nikamsimulia kisa kile, na niseme kweli, nilitegemea anisifu. Hakunisifu. Aliniuliza, "Asia ipi?" Nikamwambia, shehe, kuna Asia ngapi? Akaagiza ubao na chaki.

Aliandika neno la kwanza kwa aini, alifu, sadi, ya, na ta ya kike mwishoni. Akasema, "Huyu ndiye binti wa Umar. Aini na sadi, anayeasi." Chini yake akaandika la pili: alifu yenye madda, sini, ya, na ta ya kike. Halafu akaniuliza mke wa Firauni aliitwa nani. Nikanyamaza, maana nilikuwa najua. Ni Asiya. Qurani katika Surat at-Tahrim, aya ya 11, inamtaja kuwa mfano kwa walioamini, yule aliyeomba, "Mola wangu, nijengee kwako nyumba Peponi." Jina lake halimo katika aya, limo katika hadithi iliyo kwa Bukhari na Muslim, pale Mtume alipomtaja pamoja na Maryam binti Imran kuwa miongoni mwa wanawake waliofikia ukamilifu. Herufi za jina hilo hazina undugu na kuasi. Wataalamu wa lugha wanalihusisha na kuganga na kutibu.

Kwa Kiswahili yote mawili tunaandika Asia na kutamka Asia. Aini yetu imeyeyuka ikawa a, sadi imekuwa s kama sini. Mama yetu alipewa jina la mke wa Firauni na babu aliyekuwa mwalimu wa Qurani. Kumbe mimi, kwa kipande cha hadithi, nilisimama mbele ya watu nikamvua.

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wenzangu mtulie nami. Kabla hujasema jina fulani lina maana mbaya, tafuta anayejua akuandikie kwa herufi za Kiarabu. Usiulize "Asia maana yake nini", uliza "Asia hii inaandikwaje". Herufi zetu za kilatini zinaficha mengi: h moja tu inabeba ha mbili tofauti, na mara nyingi kha pia inaingia humo, s inabeba sini na sadi, a inabeba alifu na aini. Wakati mwingine tofauti haina madhara. Chukua Amina. Mama yake Mtume ni Amina mwenye kuvuta alifu ya mwanzo, mwenye amani. Yuko na Amina wa kuvuta katikati, mwaminifu. Majina mawili, yote mazuri, na mabinti zetu wengi hawajui wao ni yupi. Lakini katika Asia tofauti ni ya mbingu na ardhi.

Shehe hakuishia kwenye herufi. Aliniuliza swali lililoniuma zaidi: "Na hata kama lingekuwa na aini, nani alikuruhusu kulazimisha?" Kisha akanisimulia habari ya Hazn, babu yake Said bin al-Musayyab, iliyo katika Sahihi Bukhari. Alikwenda kwa Mtume, akaulizwa jina lake, akajibu Hazn, yaani ardhi ngumu yenye miinuko na mawe. Mtume akamwambia, "Wewe ni Sahl," yaani tambarare, laini. Neno hilo nasi tunalo katika sahali. Yule mzee akakataa, akasema hawezi kubadili jina alilopewa na baba yake. Na Mtume akamwacha. Hakumvua jina. Mjukuu wake ndiye aliyesimulia baadaye kwamba ule ugumu uliendelea kuwamo katika ukoo wao.

Tafakari hapo. Jina zito kweli, anayelipinga ni Mtume mwenyewe, naye alishauri akakataliwa akanyamaza. Mimi nilikuwa na jina zuri mbele yangu, na nikalazimisha.

Kisa cha Hazn ndicho ninachowapa watu wa kwetu wanapouliza habari za Shida, Tabu na Mashaka. Huku Kusini majina hayo tunayo mengi. Mama kapata uchungu wa siku mbili, mtoto anaitwa Tabu. Baba kafariki mimba ikiwa changa, anaitwa Shida. Wengine wanasema tatizo la majina hayo ni kwamba si ya Kiislamu. Sivyo. Umar, Hamza na Khadija walikuwa na majina yao kabla ya Uislamu na hawakubadilishwa, kwa sababu kilichotazamwa ni maana. Jina la Kiswahili lenye maana njema halina kosa. Tabu linaingia katika fungu la Hazn: mtoto anabebeshwa kila siku mzigo wa siku moja ya mama yake. Mzazi ambaye hajaandikisha na abadilishe, inapendeza. Aliye mtu mzima na jina lake la Tabu, mshauri kwa upole, akikataa mwache, na usimtishe kwa moto.

Swali jingine linalonifuata sana ni la Baraka. Hapa tahadhari ni ya aina nyingine, maana neno lenyewe ni jema. Katika Sahihi Muslim, Samura bin Jundub amepokea makatazo ya kumwita kijana Yasar, Rabah, Najih au Aflah, yaani wepesi, faida, aliyefanikiwa, na sababu imetajwa humohumo: utauliza kama yupo, naye hayupo, utajibiwa "hapana". Mtu anabisha hodi, "Baraka yupo?" Anajibiwa, "Baraka hayupo humu." Sikio linachukia. Lakini Jabir naye amepokea, katika kitabu hichohicho, kwamba Mtume alikusudia kukataza Baraka na mengine ya namna hiyo, kisha akanyamaza, akafariki bila kuyakataza. Ndiyo maana Imamu Nawawi akasema ni karaha nyepesi, haifiki haramu. Kwa hiyo wewe mwenye mtoto Baraka, lala usingizi. Wewe ambaye hujachagua bado, chagua jingine kama roho inakutuma, na Abdallah na Abdulrahmani ndiyo yaliyotajwa kupendwa zaidi na Mwenyezi Mungu.

Nilirudi Tandahimba kumwomba radhi mdogo wangu. Nilikwenda na karatasi aliyoniandikia shehe, maneno mawili, juu na chini. Aliisoma, akaikunja, akaiweka ndani ya msahafu. Nikamwambia jina la mtoto likirudishwa hakuna akika ya pili, shehe kasema. Mtume aliwabadilisha majina watu wazima na haikupokewa kwamba aliwaambia wachinje tena. Akanijibu kwamba Jamila ni jina zuri, mtoto keshalizoea, hana kosa la kuvuliwa jina mara mbili. Alikuwa na haki.

Ndugu msomaji, ukiona jina limekutia shaka, mwendee baba au mama wa mtoto faraghani, kabla ya siku ya saba, ukiwa umeuliza herufi na umejua sababu. Dini hii haikuletwa ili uinuke mkekani uonekane unajua. Aliyebadilisha majina alikuwa anamtoa mtu kwenye uzito na kumpeleka kwenye wepesi. Wewe dada wa Masasi, mpe mumeo jina lake. Andikeni kwa alifu na sini, bandikeni ukutani, jirani akija mwonyesheni kwa heshima.

Ijumaa hii ni siku ya saba ya Asia wetu, nami nimealikwa. Nimeshanunua mbuzi, yuko nyuma ya nyumba analia. Mama mdogo pia atakuwepo. Kwa miaka minne sasa nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba akiwa anatazama pembeni.