Ratiba ya siku ya michezo shuleni: mchujo, fainali na mvua ya masika

"Walimu wenzangu, nimepewa kamati ya siku ya michezo shule ya msingi. Watoto wamegawanywa timu nne za rangi, uwanja ni wa nyasi wenye njia sita, tarehe imeshapangwa mwezi wa nne na haibadiliki. Naomba aliyewahi kupanga ratiba aniambie mchujo na fainali nizipange vipi, na mvua ikinyesha nifanyeje."

Pole na hongera, mwalimu. Mimi niko Morogoro, nimepanga siku hii miaka kadhaa, na ya kwanza iliniharibikia. Tulianza mchujo saa tatu asubuhi, tukala chakula cha mchana, fainali zote tukaziweka saa nane wazazi wakishafika. Saa saba na nusu wingu likashuka kutoka Uluguru, na hatukukimbia fainali hata moja. Kikombe kilibaki ofisini, walimu wa rangi nne wakabishana wiki nzima nani alikuwa anaongoza. Tangu hapo kanuni yangu ni moja: fainali ya kila mbio ikae karibu na mchujo wake kadiri mapumziko ya watoto yanavyoruhusu, na kila kitu chenye pointi kiishe kabla ya saa sita.

Anza na hesabu ya wakimbiaji. Kwa mita 100, kila rangi itoe watoto watatu kwa kila rika, wavulana mbali na wasichana mbali. Hao ni 12, sawa na michujo miwili ya watoto sita sita. Mchujo wa kwanza Nyekundu na Bluu watoe wawili wawili, Kijani na Njano mmoja mmoja. Wa pili mgeuze. Watatu wa kwanza kila mchujo wanaingia fainali, njia sita zinajaa.

Usichukue "waliofuata kwa muda mzuri". Walimu wanapima kwa simu, na vidole vyao havifanani. Mtoto anayemaliza kwa sekunde 16 anakwenda zaidi ya mita 6 kila sekunde, kwa hiyo kidole kikichelewa robo sekunde umempunja au umempendelea mita moja na nusu. Nafasi kwenye utepe kila mtu anaiona. Sisi tunaweka mwalimu mwisho wa mbio na vipande vya boksi vilivyoandikwa 1, 2, 3. Mtoto anapewa cha kwake akivuka tu, anakipeleka kwa mwandishi akiwa bado anahema. Ubishi umeisha kwetu kwa vile vipande.

Sasa muda. Mbio yenyewe ni sekunde 20, lakini kuita majina, kupanga njia, kumrudisha aliyetoka kabla ya filimbi na kuandika matokeo kunakula dakika nne. Ukiwa na marika matatu, mita 100 ina michujo 12, yaani dakika 48. Ratiba yetu ya mwaka jana ilikwenda hivi. Saa 2:00 tulianza mchujo wa mita 100, tukamaliza saa 2:50. Zikafuata mita 800 za marika mawili ya juu, fainali moja kwa moja kwa sababu hazihitaji njia, mpaka saa 3:20. Darasa la kwanza na la pili wakaingia na magunia na ndimu kwenye kijiko kwa dakika 20. Saa 3:40 fainali za mita 100.

Kipande hicho cha kati si cha kujaza muda. Kanuni za riadha za dunia zinataka angalau dakika 45 kati ya mchujo wa mwisho na fainali kwa mbio zisizozidi mita 200, na hapo mtoto wa mchujo wa mwisho kabisa alipata zaidi ya 50. Ukiwapa dakika 15 utaona mwenyewe: aliyeongoza mchujo wa mwisho anakuwa wa nne kwenye fainali, kwa sababu wenzake wa mchujo wa kwanza wamepumzika kuliko yeye. Sharti lingine ni kwamba wa mita 800 hakimbii mita 100 siku hiyo.

Uji na maandazi tunagawa saa 4:10 mpaka 4:40, na hapo ndipo waandishi wanajumlisha pointi. Wali usitoke kabla ya mbio za mwisho. Baada ya uji ni mita 200, kila rangi mtoto mmoja, fainali moja kwa moja, halafu kupokezana vijiti mita 400. Tunamaliza saa 5:35, zinabaki dakika 25 za akiba. Usizijaze, zitaliwa tu na kitu fulani. Kuruka chini, kuruka juu na tufe tunamaliza jana yake alasiri.

Mvua sasa. Saa 12:30 asubuhi watu wawili waliotajwa kwenye ratiba wazunguke uwanja na wabonyeze kisigino kwenye kila kona. Maji yakijaa kwenye alama ya kisigino, kona hiyo haikimbiliwi. Watoto huanguka kwenye kona, mara chache sana kwenye mstari ulionyooka. Kwa hiyo uwanja ukilowa huna haja ya kufuta siku nzima. Mita 100 inabaki. Mita 200 na 800 zinaondoka. Vijiti mnavikimbiza kwa kwenda na kurudi kwenye mstari ulionyooka: wakimbiaji wawili wa kila rangi wakae upande huu, wawili upande ule, mita 50 katikati, na anayepokea asivuke mstari wake kabla hajakishika kijiti. Wanaokimbizana kuelekeana wapishane upande wa kulia, maana kwenye kupishana ndipo wanapogongana.

Alama za chokaa mvua itazifuta, na chokaa ikilowa inachoma ngozi na macho. Omba gunia tatu za unga wa mbao kwa seremala mapema, na uwe na kamba na vigingi vya kuonyesha njia.

Manyunyu, endeleeni. Radi ikisikika, simamisha hapo hapo, hata kama watoto wamejipanga kwenye mstari. Kila rangi iwe na darasa lake la kukimbilia, na mwalimu mmoja ahesabu watoto mlangoni. Chini ya miti na mahemani hapana. Mnarudi dakika 30 baada ya radi ya mwisho kusikika, na ikisikika nyingine mnahesabu upya. Radi ikilia saa nne na nusu, zile dakika 25 za akiba ndizo za kwanza kwenda, halafu mita 200. Vijiti viache mpaka mwisho, watoto wanaviota mwezi mzima.

Hili la pointi lifanye wiki moja kabla, walimu wa rangi zote nne watie sahihi: mbio inahesabiwa tu kama fainali zake za marika yote, wavulana na wasichana, zimekwisha. Mkikatishwa wasichana wakiwa wamekimbia mita 100 na wavulana bado, hakuna pointi ya mita 100 mpaka siku ya akiba. Yetu ni Ijumaa inayofuata, kipindi cha michezo, saa nane, fainali zilizobaki tu na walewale waliofuzu. Tarehe hiyo iandike kwenye barua ile ile ya wazazi, na karatasi ya waliofuzu ikae ndani ya mfuko wa plastiki mkononi mwa mtu mmoja. Mwaka ule wa kwanza yetu ililowa mpaka majina yakafutika.