C1, A1 na maksi zinazojificha katikati ya hesabu ya fizikia

Nafundisha tuisheni ya fizikia kwa vijana wanaojiandaa na mtihani wa Cambridge, ule wa IGCSE wenye namba 0625. Kwa muda mrefu nilitumia makingi skimu kama orodha ya majibu tu. Tunafanya swali, tunatazama namba ya mwisho, tunaweka vema au kosa, tunasonga mbele. Kisha siku moja binti mmoja akaniletea daftari ambalo alikuwa amejisahihisha mwenyewe, na kwenye swali la maksi 4 alijipa sifuri. Nililipitia mstari kwa mstari. Alistahili 2.

Swali lilikuwa la aina hii (namba nimeziweka zangu): hita ya wati 50 inapasha bonge la alumini la kilo 0.80 kwa dakika 5, na joto la bonge linapanda kwa nyuzi 20. Tafuta joto mahususi la alumini, yaani c. Makingi skimu ya swali kama hilo hukaa hivi:

```
E = Pt                     C1
50 × 300  OR  15 000 (J)   C1
c = E / mΔT                C1
940 J/(kg °C)              A1
```

Wengi hurukia mstari wa chini kabisa. Mimi nasema anza na herufi za kulia. A1 ni maksi ya jibu, na hapo iko moja tu. Zile tatu zenye C ni za njia, na zina tabia moja ya pekee: ukifika kwenye jibu sahihi unapewa zote hata kama hukuandika hatua, kwa sababu jibu lenyewe linaonyesha kwamba ulizipitia. Jibu likiwa na kosa, msahihishaji anarudi juu kuzitafuta moja moja, na anaweza kukupa zile tu anazoziona kwenye karatasi.

Binti yule alisahau kugeuza dakika kuwa sekunde. Aliandika E = Pt, akazidisha 50 kwa 5, akapata 250. Chini yake akaandika fomula ya c, akagawa 250 kwa 16, akapata karibu 16. Maksi ya kwanza anayo, maana fomula ipo. Ya pili hana, kwa kuwa 300 haikuonekana popote. Ya tatu anayo. Ya jibu hana. Angeandika 16 peke yake kwenye mstari wa jibu, asingepata kitu. (Hiyo 16 ingemshtua pia kama angekumbuka kwamba c ya alumini ni karibu 900.)

Sasa tazama jambo ambalo mimi mwenyewe nilichelewa kulielewa. Swali hilohilo likigawanywa, (a) tafuta nishati na (b) tafuta c, kosa la dakika linamgharimu kwenye (a) tu. Kwenye (b) utakuta herufi ecf, maana yake kosa lililobebwa kutoka juu haliadhibiwi mara ya pili. Akichukua 250 yake na kuitumia sawasawa, anapata maksi zote za (b) kwa jibu la 16. Ndiyo maana nawakataza wanafunzi kuacha (b) wazi eti kwa sababu (a) imewashinda. Wachukue namba waliyopata, hata kama wana wasiwasi nayo, na waonyeshe wanavyoitumia.

Kuna aina moja ya swali ambako mambo yanageuka: lile linalokuambia uonyeshe kwamba jibu ni kiasi fulani. Mfano, mpira unaachiwa kutoka mita 0.80, onyesha kwamba unafika chini kwa kasi ya karibu 4 m/s. Jibu umeshapewa, kwa hiyo kuliandika tena hakukupi chochote. Maksi zote zimelala kwenye hatua. Andika mgh = ½mv², weka namba, kisha toa 3.96 kabla ya kusema ni karibu 4. Hiyo 3.96 ndiyo inayomthibitishia msahihishaji kwamba umekokotoa kweli.

Na mabano yana maana yake. Kilichomo ndani, kama (J) pale juu, si lazima ukiandike ili upate maksi ya mstari huo. Kizio kikikaa nje ya mabano, kama kwenye jibu la c, kinahitajika. Neno lililopigiwa mstari nalo, au linalofanana nalo sana, lazima lionekane kwenye jibu lako.

Siku hizi wanafunzi wangu wanajisahihisha kwa penseli, wakiandika C1 au A1 pembeni ya mstari uleule uliozaa maksi hiyo. Kama mstari haupo, hakuna pa kuandika. Binti yule alipolirudia swali la bonge, mstari wake wa kwanza kabisa ulikuwa t = 5 × 60 = 300 s.