Maswali na majibu: vipande vya kiazi kwenye maji ya chumvi

Shikamoo mwalimu. Kipande changu kilikuwa gramu 5.20, baada ya saa moja kikawa 4.68. Cha mwenzangu kilikuwa 3.10 kikawa 2.69. Mimi nimepoteza gramu nyingi, lakini ameambiwa chake ndicho kilichopungua zaidi. Inawezekanaje? (Kidato cha pili, Tukuyu)

Marahaba. Mwenzako ameambiwa sawa. Kipande chako kilianza kikiwa kikubwa, kwa hiyo kilikuwa na seli nyingi zaidi za kutoa maji. Kilichopotea ni gramu 0.52 kati ya 5.20, yaani sehemu moja ya kumi. Chake kimepoteza 0.41 kati ya 3.10, na hiyo ni zaidi ya sehemu moja ya kumi.

Hesabu inayoondoa tofauti ya ukubwa ni hii:

Badiliko kwa asilimia = (uzito wa mwisho − uzito wa mwanzo) ÷ uzito wa mwanzo × 100

Chako: 4.68 − 5.20 = −0.52. Gawanya kwa 5.20, zidisha kwa 100, unapata −10.0%. Chake: 2.69 − 3.10 = −0.41. Gawanya kwa 3.10, zidisha kwa 100, unapata −13.2%.

Angalieni mambo mawili ambayo wasahihishaji huyatazama kwanza. Unagawanya kwa uzito wa mwanzo, kwa sababu swali ni kipande kimebadilika kiasi gani kutoka pale kilipoanzia. Ukigawanya kwa 4.68 utapata −11.1%, na jibu hilo halilinganishwi tena na la mtu yeyote. Pili, alama ya kutoa ni sehemu ya jibu. Ukiandika 10.0% bila alama, msomaji ataelewa kwamba kiazi kimeongezeka, na maelezo yako yote yanayofuata yatapingana na jedwali lako.

Tumeambiwa tutafute "ukolezi wa chumvi unaolingana na wa ndani ya kiazi". Tunaupataje wakati hatuwezi kupima ndani ya seli? (Kidato cha nne, Iringa mjini)

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote yaliyofika safari hii, kwa hiyo nitalijibu polepole.

Maji hupita kwenye utando wa seli kutoka upande wenye maji mengi huru kwenda upande wenye maji machache huru. Ndani ya seli ya kiazi kuna sukari na chumvichumvi zilizoyeyuka. Kipande kikiwa kwenye maji matupu, maji yanaingia, seli zinajaa hadi ukuta wake unakaza, na kipande kinakuwa kigumu na kizito. Kikiwa kwenye chumvi kali, maji yanatoka, kipande kinalegea na kupinda. Kati ya hizo mbili lazima pawe na ukolezi ambao maji yanayoingia na yanayotoka yako sawa. Hapo uzito haubadiliki. Ukiupata ukolezi huo nje, umeujua ule wa ndani bila kuigusa seli.

Anzeni na maji makali ya akiba: gramu 15 za chumvi ya mezani, ongeza maji mpaka ifike mililita 300. Hayo ni 5%, yaani gramu 5 katika kila mililita 100. Mengine yote yatoke humo. Kwa 3% chukua mililita 60 za akiba, ongeza maji mpaka 100. Kwa 2% chukua 40, kwa 1% chukua 20, kwa 0.5% chukua 10. Njia hii ni bora kuliko kupima nusu gramu ya chumvi, kwa sababu mizani nyingi za shule hazipimi nusu gramu kwa uhakika.

Kateni vipande vya urefu na unene mmoja kutoka kiazi kimoja, visiwe na ganda hata kidogo. Pimeni kila kimoja, viingizeni vyote kwa wakati mmoja, kila kimoja kwenye maji ya ukolezi wake, viache saa moja, vitoe, vikausheni na kuvipima tena. Mfano wa matokeo:

| Chumvi | Mwanzo (g) | Mwisho (g) | Badiliko |
|---|---|---|---|
| 0% | 3.20 | 3.58 | +11.9% |
| 0.5% | 3.05 | 3.22 | +5.6% |
| 1% | 3.40 | 3.33 | −2.1% |
| 2% | 3.12 | 2.81 | −9.9% |
| 3% | 3.26 | 2.83 | −13.2% |
| 5% | 3.30 | 2.77 | −16.1% |

Sasa grafu. Ukolezi ukae kwenye mhimili wa chini, asilimia kwenye mhimili wa wima, na sifuri ya wima iwe katikati ya karatasi ili sehemu ya kutoa ipate nafasi. Wengi huanza sifuri chini kabisa ya karatasi, kisha nukta za kutoa zinakosa pa kukaa. Chora mchirizi laini unaopita karibu na nukta zote, usiunganishe nukta kwa nukta kwa rula. Mahali mchirizi unapokata mstari wa sifuri ndipo jibu lilipo. Kwenye mfano wetu ni kati ya 0.5% na 1%, karibu na 0.86%.

Mkitakiwa kujibu kwa moli: 0.86% ni gramu 8.6 kwa lita, gawanya kwa 58.5, mnapata karibu moli 0.15 kwa lita. Msishangae mkisoma mahali kwamba kwa sukari ya mezani jibu la kiazi ni karibu mara mbili ya hapo. Chumvi ikiyeyuka, kila moli hugawanyika kuwa chembe za sodiamu na chembe za kloraidi, na maji huvutwa kwa idadi ya chembe. Sukari haigawanyiki.

Kwenye grafu yetu kutoka 3% hadi 5% mstari karibu ulale. Tumekosea? (Kundi la wanafunzi, Mafinga)

Hapana. Seli ikishapoteza maji mengi, utando wake unabanduka kutoka ukutani na kujikunja ndani. Ukuta wenyewe unabaki karibu na umbo lake, na ile nafasi iliyoachwa inajazwa na maji ya chumvi ya nje. Kwa hiyo sehemu ya uzito uliotoka inafidiwa na maji ya chumvi yaliyoingia kati ya ukuta na utando. Ndiyo maana kuongeza chumvi maradufu hakuleti upungufu maradufu. Pia ndiyo sababu nukta nyingi mziweke karibu na pale mchirizi unapokata mstari wa sifuri, kama 0.5%, 0.75%, 1% na 1.25%, badala ya kupoteza kiazi kwenye 10%.

Vipande vitatu vya bika moja, maji matupu: +4%, +12% na +13%. Tuchukue wastani tu? (Mwanafunzi, Vwawa)

Kabla ya wastani, kitafuteni kile cha +4%. Mara nyingi kuna sababu inayoonekana kwa macho. Je, kilibaki na ganda upande mmoja? Ganda la kiazi linazuia maji, na upande huo haukufanya kazi. Je, kilielea au kilibanwa ukutani mwa bika na kulala juu ya kingine?

Kama hakuna hayo, tazameni ukaushaji. Kipande cha gramu 3 kinachotoka majini na matone mawili ya maji juu yake kimebeba karibu gramu 0.1 ya bure, na hiyo peke yake ni zaidi ya 3%. Mtu mmoja akikausha kwa kugusisha tishu na mwingine akakamua, tofauti yenu ni ya mikono. Mpeni mmoja kazi ya kukausha vyote: kulaza kipande kwenye tishu, kukigeuza mara moja kila upande, bila kubonyeza. Afanye hivyohivyo kabla ya kipimo cha mwanzo pia, kwa sababu kiazi kilichokatwa sasa hivi nacho kina majimaji juu.

Mkiona sababu, rudieni kipande hicho. Msipoiona, kiacheni kwenye wastani na mkiseme kwenye ripoti. Kukifuta kimyakimya kwa sababu hakipendezi si sayansi.

Sisi tumepata 1.2%, shule rafiki ya Mbeya mjini imepata 0.85%. Nani kakosea? (Mwalimu, Makete)

Mwalimu mwenzangu, huenda hakuna. Kwanza niambie viazi vyenu vilitoka wapi na vimekaa muda gani. Kiazi kikikaa kwenye baridi kali kwa wiki kadhaa, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari. Wapishi wa chipsi wanaijua hali hiyo kwa kuona chipsi zikiwa nyeusi haraka. Usiku wa Juni na Julai huko kwenu baridi ni kali, na ghala la viazi linapoa sana. Wanga hauyeyuki, kwa hiyo hauvuti maji kwa kiasi cha maana, lakini sukari inayeyuka, na ukolezi wa ndani ya seli unapanda. Kiazi kilichonyauka nacho hufanya hivyohivyo kwa njia nyingine: maji yamepungua, vilivyoyeyuka vimebaki.

Kwa hiyo kulinganisha shule na shule bila kutaja kiazi hakuna maana. Andikeni aina, kiliponunuliwa na kilivyohifadhiwa. Mnaweza hata kuligeuza kuwa jaribio: viazi vya shamba moja, nusu vikae ghalani, nusu vikae jikoni kwenye joto, kisha mpime vyote siku moja.

Jambo lingine la kwenu ni asubuhi. Maji yakiwa baridi, osmosisi inakwenda polepole, na saa moja huenda isitoshe. Dalili yake ni kwamba mabadiliko yote ni madogo, juu na chini ya sifuri. Acheni saa mbili.

Mizani yetu inasoma gramu nzima tu. Jaribio limekufa? (Mwalimu, Ludewa)

Halijafa. Pimeni vipande kumi pamoja kama fungu moja kwa kila bika, vya jumla ya gramu 50 hivi. Badiliko la 10% litakuwa gramu 5, na mizani yenu italiona. La 1% haitaliona vizuri, kwa hiyo msidai jibu lenye nukta mbili za desimali. Au pimeni urefu kwa rula: vipande vya milimita 60, hesabu ileile ya asilimia.

Binti yangu aliweka kiazi kilichochemshwa kwenye maji ya chumvi, hakikulegea kama kile kibichi. Kwa nini? (Mzazi, Njombe)

Mpongeze kwa kujaribu. Joto la kuchemsha limeharibu utando wa seli. Osmosisi inahitaji utando unaopitisha maji na kuzuia vilivyoyeyuka. Bila huo hakuna kinachozuia chumvi isiingie. Kilichobaki ni difyusheni tupu: chembe za chumvi zinasambaa kutoka nje zilikojaa kwenda ndani zilikopungua. Ukikilaza usiku kucha kwenye maji ya chumvi safi ya jikoni, hata katikati kitakuwa na ladha ya chumvi.

Akitaka kuuona utando ukiharibika kwa macho, akate bitiruti mbichi, aisuuze mpaka maji yawe meupe, kisha aweke kipande kimoja kwenye maji baridi na kingine kwenye maji ya moto. Kwenye maji baridi rangi itabaki ndani kwa muda mrefu. Kwenye maji ya moto itamwagika nje ndani ya dakika chache.