Maharage na wali kwenye kapu la kupikia: moto unaookolewa ni kiasi gani?

Sufuria ya maharage ikishachemka, moto unaoendelea kuwaka chini yake haupandishi joto tena. Maji yakifika karibu nyuzi 100 yanabaki hapo hapo hata ukichochea namna gani. Kinachoongezeka ni mvuke tu. Kwa hiyo saa nzima inayofuata moto unafanya kazi ya kufidia joto linalotoroka kupitia mfuniko na ubavu wa sufuria. Kapu la kupikia, ambalo wengine huliita jiko kapu, linazuia joto hilo lisitoroke, na maharage yanaendelea kuiva bila moto.

Tuchukue nusu kilo ya maharage makavu. Yakilala kwenye maji usiku kucha yanafikia kama kilo 1.1. Yamwagie maji ya kupikia lita 1.2, uyaweke kwenye sufuria ya lita 3. Kuyatoa nyuzi 25 hadi yachemke kunahitaji kilojuli kama 700 za joto. Sasa linganisha: kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kunakula kilojuli 2,260, zaidi ya mara tatu ya hizo. Ukiyatokotesha maharage hayo saa moja na nusu huku ukiongeza maji kila yanapopungua, lita moja inaweza kupotelea hewani kwa urahisi. Jumla inakuwa kama kilojuli 2,960.

Kwa kapu hesabu inabadilika. Zile 700 za kuchemsha ziko pale pale, hazikwepeki. Dakika 15 za kuchemka kwa nguvu zinapoteza robo lita ya maji, yaani kilojuli 565. Baadaye utarudisha sufuria motoni mara moja kutoka nyuzi 80 hivi hadi ichemke tena, kilojuli 180 nyingine, na dakika 5 za kuchemka zinakula kama 190. Jumla ni kama 1,635: kidogo zaidi ya nusu. Ndiyo maana tunapendelea kusema "nusu" pale wengine wanapotaja robo tatu. Wanahesabu dakika, na dakika zinadanganya, kwa sababu moto mkali wa kuchemshia unakula zaidi kwa dakika kuliko moto mdogo wa kutokotesha. Ukitaka kujua ukweli wa jikoni kwako, pima mtungi wa gesi au mkaa kwa mizani kabla na baada ya kupika.

Mwenye jiko la mkaa ana jambo moja zaidi la kuangalia. Gesi unaizima palepale, lakini mkaa ulioshika moto utaendelea kuwaka hata sufuria ikishaepuliwa, na hapo hujaokoa chochote. Ama washa mkaa pungufu tangu mwanzo, ama uzime uliobaki kwa kuufunika kwenye debe lenye mfuniko, ama uwe na chungu kingine kinachosubiri. Ndiyo sababu maharage na wali vinaendana: maharage yakiepuliwa, sufuria ya mchele inainjikwa juu ya moto uleule.

Kapu lenyewe halina siri kubwa. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia, kwa hiyo jaza nyasi kavu, sufi, pamba, vipande vya nguo au maganda makavu ya mpunga, unene wa sentimita 10 pande zote pamoja na chini. Usishindilie, maana ukishindilia unaifukuza hewa. Tundu la katikati liibane sufuria kabisa, kwa kuwa pengo la kidole tu linaruhusu hewa kuzunguka na kubeba joto. Sehemu inayopuuzwa mno ni juu. Joto hupanda, na mto mwembamba juu ya mfuniko unaharibu kazi yote ya chini, kwa hiyo shona mto mnene unaoingia ndani ya mdomo wa kapu na kukaa juu ya mfuniko bila kuacha nafasi. Kama umetumia sponji au nailoni, tandika kitambaa kizito cha pamba chini ya sufuria, la sivyo vitu hivyo vinaweza kuyeyuka.

Lijaribu kwa maji kabla ya kuliamini. Chemsha lita 2.2, funika, weka kapuni, fungua baada ya saa 3. Kipimajoto kikisoma nyuzi 75 hadi 80 au zaidi, kapu ni zima. Kikisoma 65, tafuta pengo, na anza kwenye mto wa juu.

Sasa maharage. Mwaga maji ya kulowekea, weka mapya, chemsha. Hesabu dakika 15 kuanzia pale maji yanapobubujika kweli, si pale yanapoanza kufuka. Hapa hakuna mkato: maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoharibiwa na mchemko mkali wa angalau dakika 10. Joto la nyuzi 80 la kapuni peke yake haliiondoi, na mtu anaweza kutapika na kuharisha kwa kula punje chache tu. Baada ya hapo mfuniko usiguswe. Epua sufuria na uizike kapuni ndani ya nusu dakika. Ukifunua "kuangalia kidogo", mvuke unaotoka unaondoka na joto ambalo hakuna moto wa kulirudisha.

Baada ya saa 2 hadi 3 irudishe motoni, ichemke dakika 5, kisha kapuni saa moja nyingine. Bonyeza punje kati ya ulimi na kaakaa: ikisagika bila kiini kigumu, imeiva. Isiposagika, chanzo huwa ni maharage ya zamani yaliyokauka mno, maji magumu yenye chokaa, au nyanya na ndimu vilivyotiwa mapema. Vitu vichachu huzuia ganda kulainika, na kapuni athari yake inaonekana zaidi kuliko motoni. Viunge mwishoni.

Wali ni mwepesi zaidi. Kosa la karibu kila mtu ni maji. Kapuni hakuna yanayokauka, kwa hiyo kikombe kimoja cha mchele kinataka kikombe na nusu cha maji, si viwili. Chemsha dakika 5, funika, weka kapuni dakika 45. Ukitoka bokoboko, punguza robo kikombe. Ukiwa na kiini, pengine sufuria ilikuwa na chakula kidogo mno: vikombe viwili vya mchele kwenye sufuria kubwa vinapoa haraka, kwa sababu joto lililohifadhiwa ni dogo na hewa tupu ni nyingi. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Moto unaookolewa kwenye wali ni mdogo kuliko wa maharage, maana hata motoni haukai zaidi ya dakika 20 hivi; faida kubwa ni kwamba hauungui, na anayependa ukoko asijisumbue na kapu.

Kapu si mahali pa kulaza chakula. Likishuka chini ya nyuzi 60, vijidudu vinaanza kuzaliana, na wali ni hatari zaidi kwa kuwa mbegu za baadhi yao hazifi kwa kuchemshwa. Maharage yasikae zaidi ya saa 4 bila kurudishwa motoni. Na ukishapakua, acha kapu wazi juani lisaa limoja au mawili, kwa sababu mvuke unaonyonywa na nyasi au pamba unaleta ukungu, na kitu chenye unyevu kinapitisha joto kwa urahisi.