Glavu ya Ndani Iliyonipa Siku 21 za Kungoja

Juzi sista mmoja wa Kasese kaniandikia: "Dada, nimepangiwa mafunzo ya kituo cha Ebola. Naogopa sana kuingia." Nimemwambia ukweli wangu: mimi nilipoingia nilikuwa salama, nikajiponza wakati wa kutoka. Nilimwahidi nitaeleza kwa urefu, maana wengi wenu mnaosoma hapa ni wauguzi na mlango huo huo unawangoja.

Ilikuwa mlipuko wa 2022, ule uliotangazwa Septemba wilayani Mubende, Uganda. Kirusi kilikuwa aina ya Sudan, ambayo chanjo iliyosajiliwa kwa aina ya Zaire haikuikinga. Kinga yetu ikabaki mikono yetu na utaratibu. Kituo nilichofanyia kazi sitakitaja.

Nilikuwa na mgonjwa, kijana wa boda. Alifika siku ya pili ya homa, anatembea mwenyewe, analalamika kichwa, viungo na uchovu. Hiyo ndiyo awamu kavu, nayo hufanana kabisa na malaria. Kipimo chake cha kwanza hakikuonyesha kitu, kwa sababu siku za mwanzo kirusi kwenye damu bado ni kichache. Tulimbakiza, tukarudia baada ya saa 72 tangu dalili zianze, na hapo kikaonekana. Siku ya tano awamu ya maji ikafunguka: kutapika na kuhara bila kupumzika, lita kadhaa kwa siku. Watu wanangoja kuona damu ndipo waogope, kumbe wengi hawatoki damu ya kuonekana. Kinachowamaliza ni maji na chumvi vinavyotoka mwilini. Na kila tone la matapishi au kinyesi wakati huo limejaa kirusi kuliko siku aliyoingia akitembea. Kinatafuta macho, mdomo, pua au mchubuko mdogo tu wa ngozi.

Siku ile nilimbadilishia shuka mara tatu, nikampa maji ya chumvi na sukari kwa kijiko, nikabeba ndoo yake. Karibu saa nzima ndani ya ovaroli, miwani imejaa ukungu, jasho hadi kwenye buti. Najivunia kazi ile mpaka leo.

Nilipofika eneo la kuvua mavazi ya kinga, mwangalizi anayesimama nawe ukivua hakuwepo. Alikuwa ameitwa kupokea gari la wagonjwa. Sheria inasema usivue peke yako, ungoje. Mimi nilihisi kizunguzungu, nikaanza. Nikaosha glavu kwa klorini ya asilimia 0.5, nikavua aproni, nikaosha tena, nikavua glavu za nje, nikaosha. Miwani nikaishika kwa kamba ya nyuma, macho nimefumba. Yote sawa. Kisha nikashusha ovaroli, nikavuta mkono wa kulia kwa nguvu, na ukingo wa mkono wa ovaroli ukaondoka na glavu yangu ya ndani. Kiganja kikabaki kitupu, na sehemu ya nje ya kitambaa ikapita juu ya kifundo cha mkono.

Sikupiga kelele. Nilisimama, nikaosha mkono kwa sabuni na maji mengi, nikamalizia kuvua kwa mkono uliobaki na glavu, barakoa mwisho, nikaripoti. Ngozi haikuwa na jeraha, lakini niliwekwa chini ya uangalizi siku 21, kipimajoto asubuhi na jioni. Kilichoniuma ni mkuu wangu kunisema mbele ya wenzangu kuwa ni uzembe, bila kuuliza mwangalizi alikuwa wapi. Mwenye nyumba naye akaacha kupokea kodi mkononi mwangu. Hilo bado halijapona.

Sista, kosa lenyewe linazuilika. Kabla ya kuingia, tazama kama glavu ya ndani ina kifundo kirefu, imekaa chini ya mkono wa ovaroli na inafika kati ya kiganja na kiwiko. Ile fupi ya kawaida ndiyo inayovutika. Wakati wa kuvua, usivute kwa nguvu. Ikunje ovaroli kutoka mabegani, upande wa ndani ukigeukia nje, polepole, mikono ya ovaroli ikiteremka yenyewe, na utazame kifundo cha glavu kila hatua. Ukiona kinasogea, simama.

Klorini nayo isikudanganye. Tone la matapishi likiwa bado juu ya glavu hula nguvu ya dawa, kwa hiyo ondoa uchafu kwanza, ndipo uache dawa ifanye kazi, usipitishe na kuondoa papo hapo. Na hiyo ya asilimia 0.5 si ya ngozi. Ngozi tupu hupata sabuni na maji, au vikikosekana, klorini ya asilimia 0.05. Ile kali inachubua, na mchubuko ndio mlango wenyewe.

Kuweni wakali kuhusu mwangalizi, wanangu. Akiondoka, kaa kwenye kiti cha plastiki ungoje. Ukihisi joto linakuzidi, toka ndani mapema ili ukifika pale uwe na nguvu za kungoja.

Siku ya 21 kipimajoto kilisoma 36.4. Siku iliyofuata nilirudi, na kabla ya kugusa ovaroli nilimuuliza msimamizi wa zamu ni nani atakayesimama nami nikivua, na nani atashika nafasi yake gari la wagonjwa likija.